Mbele ya Kuchimba Mufereji, Tuhesabu Kwanza Maji ya Mlima



Katika kipindi cha mvua kilichopita tuliitwa na koperative moja ya upande wa Walungu, huku Kivu ya Kusini. Mufereji wao wa kupinga mmomonyoko, wenye urefu wa metre 200, ulikuwa umepasuka katikati. Wanamemba walikuwa wameuchimba kwa salongo, jembe kwa jembe, karibu wiki tatu. Mvua moja ya mangaribi ikatosha. Maji yalitoka paka fasi moja, yakakata shamba la maharagi la mama mmoja mujane, kisha yakashuka mpaka mu mare na kujaza matope katika etangi ya samaki ya koperative.

Tulipofika, watu walikuwa wanagombana. Wamoja walisema timu ya kuchimba ilifanya kazi ya haraka. Wengine walisema ile mvua haikuwa ya kawaida. Sisi tulichukua dekametre na nivo ya A, tukapima. Mufereji ulikuwa na santimetre 60 za upana na 60 za kwenda chini, na ulilala vizuri kwa kukinga mteremko. Kazi ilikuwa ya watu wenye kujua jembe. Mwenye kuchimba hakukosa. Aliyekosa ni yule aliyeleta kipimo cha 60 kwa 60 kutoka karatasi ya mafunzo, bila kuuliza ule mlima unaleta maji kiasi gani. Na sisi matekinisia tuko ndani ya hilo kosa, tulikubali kulitaja pale pale mbele ya watu.

Kwa hiyo maoni yetu leo ni haya: koperative isianzishe salongo ya mufereji wala ya etangi mbele ya kuhesabu maji ya mlima. Hesabu yenyewe iko, haiombi mashini ya bei, mtu aliyemaliza shule ya sekondari anaweza kuifanya kwa telefone yake. Inaitwa njia ya namba CN. Lakini tunaongeza neno la pili: ile hesabu inadanganya kama tunasoma udongo kwa rangi yake tu. Tueleze yote mbili polepole.

Namba CN ni nini

Njia hii ilitengenezwa Amerika katika miaka ya 1950, na idara yao ya serikali ya kuhifadhi udongo. Walikuwa na shida kama ya kwetu: mashamba madogo mengi, mvua inajulikana, lakini hakuna mtu anayepima maji yanayotiririka katika kila bonde. Wakatafuta namna ya kutoka kwa mvua mpaka kwa maji ya mtiririko kwa kutumia vitu viwili vinavyoonekana: udongo wa namna gani, na umefunikwa na nini.

Wazo lake mkulima analijua tayari. Mvua ikianza, maji hayakimbii hapo hapo. Kwanza yanalowanisha majani, yanajaza vishimo, yanaingia katika udongo. Hayo ni maji ya mwanzo, mlima unayanywa yote. Mvua ikiendelea, mlima unakunywa kidogo kidogo na kuachilia zaidi, mpaka mwisho karibu kila tone linashuka. Namba CN inasema mlima wako ni mnywaji wa namna gani. Inakaribia 100 kwa bati la nyumba, ambalo halinywi kitu. Inashuka mpaka 30 kwa pori nzuri lenye udongo wa mchanga.

Hesabu iko na hatua mbili. Kwanza tunatafuta S, maji ambayo mlima unaweza kunywa kwa jumla, kwa milimetre. Kisha tunatafuta Q, maji yatakayotiririka. P ni mvua ya siku, nayo kwa milimetre.

```
S = 25400 / CN - 254
Q = (P - 0,2 x S)² / (P + 0,8 x S)
```

Ile sehemu ya 0,2 x S ndiyo maji ya mwanzo. Kama mvua ya siku haifikie hapo, Q ni sifuri, usiendelee na hesabu. Na tukumbuke kitu kimoja kinachosaidia sana: milimetre 1 ya maji juu ya hektari 1 ni metre kibe 10, ni sawa na bidoni 500 za litre 20.

Udongo: usiamini rangi

Jedwali la CN linagawanya udongo kwa makundi manne. A unakunywa maji mbio. B unakunywa kwa kadiri. C unakunywa polepole. D karibu haunywi. Sasa, vitabu vingi vinasema: mchanga ni A, ufinyanzi ni D. Tekinisia anafika Bushi, anaona udongo mwekundu unaoshika kwenye kiatu, anaandika D, na kazi inaanza vibaya.

Udongo mwekundu wa milima yetu, ule uliotoka kwa mawe ya zamani ya volkano, ni ufinyanzi kweli. Lakini chembe zake zimeshikana na kuwa punje ndogo ndogo, kama unga wa muhogo uliosagwa vibaya. Kati ya zile punje maji yanapita vizuri. Mama mmoja wa ile koperative alitupa ushahidi bora kuliko kitabu: "Kama tunalima vizuri, kisha mvua, kesho asubui munaweza kuingia mu shamba. Maji hayakae juu." Udongo wa namna hiyo si D, hata kama mkononi unateleza.

Lakini udongo ule ule unaweza kubadilika. Fasi ambapo ng'ombe wanapita kila siku, ama ambapo mvua imepiga ardhi uchi miaka mingi na kuondoa ule udongo mweusi wa juu, zile punje zinavunjika na kuziba njia. Hapo rangi ni ile ile, ila maji hayaingii. Upande mwingine, udongo mweusi wa mare, ambao maji ya chini yako karibu, ni D hata kama unaonekana laini na mzuri. Na ule mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi ni D vilevile: mvua ya kwanza inaingia katika nyufa, kisha udongo unavimba, nyufa zinafunga, na maji yote yanakimbia.

Kwa hiyo tunaomba kipimo, si macho. Chukueni bidoni kubwa la bati, mukate chini na juu libaki pete. Ligongeni katika udongo santimetre 10. Siku ya mbele yake mulowanishe ile fasi vizuri, ju udongo mkavu unakunywa kwa tamaa na kudanganya. Jazeni maji ndani ya pete, na mulowanishe pia udongo wa nje kuzunguka pete, maana maji ya ndani yanapenda kukimbia pembeni badala ya kwenda chini. Kila nusu saa mupime kwa rula maji yameshuka kiasi gani, na mujaze tena. Baada ya saa mbili ama tatu kipimo hakibadiliki sana, na hicho ndicho tunachotaka.

Kama maji bado yanashuka santimetre nzima ama zaidi kwa saa, musiandike C wala D. Hata kama inaonekana ni A, sisi tunaandika B, kwa sababu pete ndogo daima inaonyesha udongo kuwa mnywaji kuliko alivyo. Kama yanashuka milimetre mbili ama tatu kwa saa, ni C. Kama baada ya saa nzima haujui kama yameshuka, ni D. Fanyeni fasi tatu: juu, katikati na chini ya mteremko, na moja iwe pale ng'ombe wanapita. Kwenye ule mlima wa Walungu, pete zetu zilionyesha santimetre kadhaa kwa saa katika shamba. Tukaandika B.

Ardhi imefunikwa na nini

Hapa chini ni sehemu ya jedwali, ile inayohusu milima yetu. Tumeacha kundi A, ju hatujalihitaji hapa.

| Hali ya ardhi | B | C | D |
|---|---|---|---|
| Mimea katika mistari ya kushuka mlima, udongo wachi | 81 | 88 | 91 |
| Mimea katika mistari ya kukinga mlima, mabaki yameachwa | 75 | 82 | 86 |
| Malisho yaliyoliwa mpaka chini | 79 | 86 | 89 |
| Malisho mazuri, majani yamejaa | 61 | 74 | 80 |
| Miti, lakini chini pamefagiwa ama ng'ombe wanapita | 66 | 77 | 83 |
| Miti, majani makavu yamebaki chini | 55 | 70 | 77 |
| Barabara ya udongo | 82 | 87 | 89 |

Angalieni mistari miwili ya miti. Miti ile ile, udongo ule ule, lakini CN inatoka 66 mpaka 55 kwa sababu tu majani makavu yamebaki chini. Watu wanafikiri kalitusi njo inayozuia maji. Hapana. Kinachozuia ni ile blanketi ya majani chini yake. Tukiokota yote kwa kuwasha moto, tunabaki na miti iliyosimama juu ya ardhi ngumu.

Hesabu ya ule mlima

Sehemu inayoleta maji kwenye mufereji tuliizunguka kwa miguu, kutoka kwenye mgongo wa mlima, tukipima kwa dekametre. Ni hektari 4. Hektari 3 ni muhogo na maharagi, mistari inashuka na mlima. Hektari 1 ni kalitusi, chini pamefagiwa. Barabara inapita nyuma ya mgongo, haileti maji huku, kwa hiyo hatukuihesabu. Kwa mvua, tulichukua siku ya milimetre 60 kama mfano wa mvua kubwa ambayo mufereji unapashwa kuvumilia.

Kwa shamba, CN ni 81. S inakuwa 59,6. Maji ya mwanzo ni 0,2 mara 59,6, ni karibu 12. Kwa hiyo Q ni 48 mara 48, kugawanya kwa 60 na 47,7 pamoja. Inatoka milimetre 21,5. Juu ya hektari 3, ni karibu metre kibe 644.

Kwa kalitusi, CN ni 66. S inakuwa 130,8, maji ya mwanzo ni 26, na Q inatoka milimetre 7. Juu ya hektari 1, ni metre kibe 70.

Jumla, mlima unashusha metre kibe 714 kwa ile mvua moja. Sasa tuangalie mufereji: 0,6 mara 0,6 mara 200. Ni metre kibe 72. Mufereji ulijengwa kwa kushika sehemu moja ya kumi ya maji! Hata kwa mvua ya milimetre 30, hesabu inatoa metre kibe 127, bado inazidi. Ni kweli kwamba mufereji wenyewe unakunywa maji wakati mvua inanyesha, lakini katika mangaribi moja hauwezi kunywa mara tisa ya ukubwa wake. Kwa hiyo haukupasuka ju ya uvivu wa mtu, na haukupasuka ju mvua ilikuwa ya ajabu. Ulipashwa kupasuka.

Neno moja kwa wale watakaofanya hesabu: wengine wanachanganya kwanza zile CN mbili, wanapata moja ya katikati, kisha wanahesabu mara moja. Musifanye hivyo. Hesabuni kila kipande peke yake na mujumlishe maji. Hapa CN ya katikati ni 77, na kwa mvua ya milimetre 20 inatoa chini ya nusu ya maji yatakayotoka kweli katika shamba, kwa sababu inaazima unywaji wa miti na kuupa muhogo.

Kuchagua: mifereji kumi ama blanketi

Metre kibe 714 zinaomba mifereji kumi kama ule. Ni kilometre mbili za kuchimba, na mashamba yanakatwa vipande. Hapo Mzee mmoja akasema wazi: "Kama ni vile, basi tuache." Tulimwelewa.

Lakini tulihesabu mara ya pili, mlima ule ule na mvua ile ile ya milimetre 60, tukibadilisha vitu viwili. Mistari ya muhogo na maharagi ikinge mlima, na mabaki ya mavuno yabaki shambani: CN inashuka 75. Katika kalitusi, majani makavu yaachwe: CN inashuka 55. Shamba linatoa milimetre 14,5, ni metre kibe 436. Kalitusi inatoa milimetre 1,5, ni metre kibe 15. Jumla 451. Mifereji saba inatosha. Metre 600 za salongo zimeanguka bila jembe kuguswa.

Kwenye jedwali kubwa kuna namba ndogo kuliko 75, kwa mashamba yenye matuta ya ngazi. Hatukuichukua kwa makusudi. Ile namba tayari inahesabu maji yanayoshikwa na matuta. Ukiichukua, kisha ukapunguza tena maji ya mifereji, umehesabu mufereji mmoja mara mbili, na mlima hautakusamehe.

Tunajua pia upande mwingine wa jambo. Mabaki ya maharagi ni chakula cha mbuzi, na majani ya kalitusi ni moto wa jikoni. Anayeombwa kuyaacha ni mara nyingi mama, na anayefaidika ni mwenye etangi kule chini. Kama koperative inataka yale majani yabaki, ipange pamoja na wamama kuni zitatoka wapi. Tripsakum na setaria zikipandwa kwenye ukingo wa mifereji zinashika udongo na kulisha mbuzi, hiyo ni sehemu ya jibu. Lakini bila mapatano, CN 55 itabaki kwenye karatasi na 66 itabaki kwenye mlima.

Ardhi ikiwa imelowana

Hesabu ya juu ni ya ardhi yenye unyevu wa kawaida. Mwezi wa kumi na moja ama wa ine, mvua ikinyesha siku tano mfululizo, mlima umeshiba. Kwa hali hiyo kuna hesabu ya kupandisha CN:

```
CN ya ardhi iliyoshiba = 23 x CN / (10 + 0,13 x CN)
```

Kwa 81 inatoa karibu 91. Rudini kwenye jedwali: 91 ni namba ya kundi D. Maana yake, udongo wetu mzuri wa B ukishiba unafanya sawa na udongo usiokunywa. Kwa milimetre 60 lile shamba la hektari 3 peke yake, na mistari yake ya zamani, litashusha metre kibe 1130 na zaidi.

Hapa tunaona watu wanachanganyikiwa. Wanaona mafuriko ya wakati wa mvua nyingi na kusema, "Si munaona, udongo wetu ni D." Hapana. Kama ungekuwa D, mungeona maji yanakimbia hata mvua ya kwanza ya mwezi wa kenda. Tofauti inagusa franga: ukiandika D kwa kosa, utachimba mara mbili ya kinachohitajika kwa siku za kawaida. Ukiandika B na kusahau siku za kushiba, utapasukiwa. Maoni yetu ni kuchimba kwa hali ya kawaida, kisha kuweka kwenye kila mufereji mlango wa kutoa maji yanayozidi, uliojengwa kwa mawe na kupandwa majani, unaopeleka maji fasi tuliyochagua sisi. Mufereji usio na mlango unajichagulia mlango wake, na tuliona ulichagua shamba la nani.

Namna ya kujua kama CN yetu inadanganya

Namba za jedwali zilitoka kwa mashamba ya Amerika. Hazikupimwa Bushi. Kwa hiyo koperative inapashwa kuzijaribu, na vyombo ni vikopo na rula.

Wekeni vikopo vitatu vyenye ukuta ulionyooka, mbali na miti na nyumba, kila kimoja kwa memba anayeaminika. Kila asubui, saa moja, apime kwa rula milimetre za maji, aandike kwa kaye, amwage. Siku ya mvua mtu mwingine aangalie katika mistari ya shamba, si barabarani ju barabara inaanza mapema: maji yametiririka ao hapana?

Kwa CN 81, shamba halipashwi kutiririsha mpaka mvua ifike karibu milimetre 12. Kama kaye inaonyesha mara nyingi kwamba mvua ya 8 imeshatiririsha, wakati ardhi haikuwa imeshiba, basi 8 ni maji ya mwanzo ya mlima wenu. Zidisheni kwa 5, S ni 40. Kisha 25400 kugawanya kwa 294, na CN yenu ya kweli ni karibu 86. Kama, kinyume, mvua za 15 na 18 zinapita bila mtiririko, CN yenu iko chini kuliko jedwali, na mutachimba kidogo. Musihukumu kwa siku moja. Kaye ya kipindi kimoja cha mvua, kuanzia mwezi wa kenda mpaka wa tano, inaanza kusema ukweli.

Ile kaye pia ndiyo itawapa P yenu wenyewe. Ile 60 ya mfano wetu musiibebe mpaka kwenu. Kwa sasa, ombeni vipimo vya mvua kwenye stesheni ya utafiti iliyo karibu, kama Inera ya Mulungu kwa watu wa Kabare, na muchukue mvua kubwa ya siku katika miaka kadhaa.

Mahali ambapo njia hii inakoma

Tusiiombe kazi isiyo yake. Namba CN inasema maji kiasi gani, haisemi yatafika kwa haraka gani. Upana wa mlango wa kutoa maji, ama wa buzi la barabara, unaomba hesabu nyingine, mwiteni mtu anayeijua. Tena, jedwali halina fasi ya kuandika mwinuko. Mteremko mkali wa kwetu unashusha zaidi kuliko namba inavyosema, na mistari ya kukinga mlima inasaidia kidogo kadiri mlima unavyosimama. Hapo sisi tunapandisha CN kwa namba mbili ama tatu, na kuandika kwamba ni sisi tumeipandisha.

Na hesabu hii ni ya maji tu. Haina habari ya mlima unaobomoka. Yaliyotokea Kalehe mwezi wa tano 2023, kule Bushushu na Nyamukubi, yalikuwa maji pamoja na mawe na matope kutoka milima mirefu. Mtu asiseme amehesabu CN kwa hiyo nyumba yake ya kando ya mto iko salama.

Ndani ya mipaka hiyo, tunasimama kwa maoni yetu. Ile koperative imeanza upya. Mbele ya kushika jembe, wamechora mlima wao kwenye karatasi kubwa, kila kipande na CN yake, na imepachikwa mu ofisi ambapo kila memba anaiona. Mama mwenye shamba la maharagi ndiye anaandika kaye ya kikopo cha katikati. Alituambia: "Mara hii, mbele munipitishie maji, munionyeshe kwanza ni bidoni ngapi." Tunaona ni sharti la haki. Tekinisia yeyote, hata wa kwetu, akija kwenu na kipimo cha mufereji tayari mkononi, mumuulize kama yule mama: mlima huu, CN ngapi, na udongo ameupimia wapi. Kama hana jibu, majembe yabaki kwenye nyumba.